Uzi: Wiki tatu za mazoezi makali, mbona muda wangu unazidi kuharibika?

Mtoto wa Igoma

Mwangaluka wakuu. Naomba mwongozo, hasa kwa mliokimbia miaka mingi.

Nina nusu marathoni, imebaki wiki mbili kamili. Nilikuwa nakimbia kawaida, siku sita kwa wiki. Wiki tatu zilizopita nikaamua kuongeza dozi: Jumapili mbio ndefu kuelekea Kisesa na kurudi, Jumanne vipindi 8 vya mita 800 uwanjani, Alhamisi kupandisha kilima cha Bugando, na siku za katikati nikazirefusha. Nilitegemea hapa katikati nitapaa.

Kinachotokea ni kinyume. Kila Jumamosi alfajiri najipima kilomita 10 kwa njia ile ile ya Makongoro. Kabla ya kuongeza nilikuwa natumia dakika 47 na sekunde 10. Baada ya wiki ya kwanza ikawa 48:05, ya pili 48:50, na jana 48:40. Mapigo ya moyo nikiamka yalikuwa 54, sasa yanacheza kwenye 60 na 61. Hata ngazi za nyumbani napanda kwa kushika ukuta.

Maswali ni mawili. Je, nimepungua uwezo? Na hizi wiki mbili nikaze nifidie, au niache?

Kijana wa Buzuruga

Damu hiyo mkuu. Juisi ya rosela asubuhi na jioni, matembele kwa wingi, utaleta majibu hapa.

Chuma Hakilali

Achana na rosela. Mwili haujengeki ukikimbia, unajengeka ukilala. Ukifanya zoezi gumu unajibomoa, unashuka chini ya kiwango chako. Ukipumzika unapanda, unapita pale ulipokuwa mwanzo. Wewe umebomoa wiki tatu mfululizo bila kujenga, ndiyo maana uko chini. Dawa ni moja: viatu ndani ya kabati, lala wiki mbili, siku ya mbio unatoka kama risasi. Msosi na usingizi basi.

Mwalimu Nyegezi

Chuma ameanza vizuri akamaliza vibaya, na kosa lake ni dogo kiasi kwamba watu wengi hawalioni.

Yeye anazungumza kana kwamba ndani ya mwili kuna kitu kimoja, kinashuka halafu kinapanda. Kwa picha hiyo, Mtoto wa Igoma leo uwezo wake umeshuka na usingizi ndio utakaoujenga. Mimi nadhani uwezo wake haujashuka hata kidogo. Leo ni mkimbiaji bora kuliko alivyokuwa mwezi mmoja uliopita, ila hauoni ubora huo. Lori limeshasogea mbele, tatizo ni vumbi.

Kila zoezi linaacha vitu viwili kwa wakati mmoja. Linaacha ufiti, yaani moyo, misuli na pumzi vinakuwa na uwezo zaidi. Na linaacha uchovu. Muda unaouona kwenye saa ni ufiti ukitoa uchovu. Vitu hivi viwili vinatofautiana kwa namna mbili tu, na humo ndimo siri yote ilimo. Ya kwanza, siku ile ile uchovu ni mkubwa kuliko ufiti ulioupata, kwa hiyo zoezi gumu la leo linakupunguzia mwendo wa kesho. Ya pili, uchovu unaondoka haraka na ufiti unaondoka polepole. Baada ya siku kadhaa uchovu umekwisha na ufiti bado upo, ndipo muda unapokuwa mzuri.

Sasa mtu akirundika mazoezi magumu wiki baada ya wiki, ufiti unapanda lakini uchovu unapanda haraka zaidi, na saa inasoma tofauti yao. Ndiyo 48:50 yako hiyo. Ukipunguza mzigo kabla ya mbio, hujengi ufiti mpya wowote. Unaacha tu uchovu uondoke wakati ufiti haujapata muda wa kuvuja.

Wazo hili halijaanzia kijiweni. Eric Banister na wenzake kule Kanada ndio waliolitolea hesabu katikati ya miaka ya 1970, kwa kufuatilia mazoezi na muda wa muogeleaji. Mpaka leo saa nyingi za kukimbilia na programu za simu zinatumia hesabu ya ukoo huo.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza ni hapana, hujapungua uwezo. La pili: usikaze, na usiache.

Dada Capri

Mwalimu asante, hapo kwenye ufiti kuvuja polepole umenifungua. Lakini wengine tunaamini namba. Hiyo hesabu mtu anaweza kuifanya mwenyewe kwenye simu?

Mwalimu Nyegezi

Inawezekana kabisa, dada yangu. Kwanza unahitaji namba moja ya mzigo kwa kila siku. Njia rahisi: nusu saa baada ya zoezi jiulize lilikuwa gumu kiasi gani kutoka 1 hadi 10, kisha zidisha na dakika ulizofanya. Dakika 60 za ugumu wa 5 ni mzigo 300. Siku ya kupumzika ni sifuri. Usipime ukiwa bado unahema, utaandika 9 kwa kila kitu.

Halafu fungua jedwali la hesabu. Safu ya A ni mzigo wa siku, B ni ufiti, C ni uchovu, D ni matokeo. Mstari wa 2 weka wastani wako wa siku moja kwenye B na C. Kuanzia mstari wa 3 andika hivi na uvute kwenda chini:

```
B3:  =B2+(A3-B2)/45
C3:  =C2+(A3-C2)/15
D3:  =3*B3-2*C3
```

Ile 45 maana yake ufiti unakumbuka mambo ya siku 45 hivi. Ile 15 maana yake uchovu unakumbuka siku 15 hivi. Hizi ni namba za kuanzia tu. Kuna programu zinazotumia 42 na 7, na kwa kweli kila mwili una zake.

Dada Capri

Na 3 na 2 zimetoka wapi? Ulisema uchovu ndio mkubwa, mbona ufiti ndio unazidishwa kwa 3?

Mwalimu Nyegezi

Swali zuri, na ndipo watu wengi wanapokwama. Kwa zoezi la siku moja nimeweka uchovu uwe mara mbili ya ufiti. Ila B na C hapo juu ni wastani, na wastani wa siku 45 unasogea kidogo sana kwa zoezi moja kuliko wastani wa siku 15. Ili kurudisha uzito halisi, B inazidishwa kwa 45 na C kwa 15 mara mbili, yaani 30. Gawanya zote kwa 15, unabaki na 3 na 2. Angalia mwenyewe: zoezi la mzigo 450 linaongeza 10 kwenye B na 30 kwenye C. Mara 3 na mara 2, ni 30 dhidi ya 60. Uchovu mara mbili, kama nilivyosema.

Dada Capri

Nimekaa na hii kitu mchana wote, mboga imeungua. Nimetumia mfano wa Mtoto wa Igoma kwa kukadiria: wastani wa 300 kwa siku kabla, 450 kwa siku kwa wiki tatu ngumu, kisha 225 kwa siku kwa wiki mbili za mwisho, yaani nusu ya ule mzigo mgumu.

Mwanzo matokeo yanasoma 300. Baada ya wiki ngumu ya kwanza yanashuka hadi 251, ya pili 236, ya tatu 240. Angalieni ule mpangilio na muda wake wa Jumamosi! Alishuka sana wiki ya kwanza, akashuka tena ya pili, ya tatu akasimama. Na wakati huo huo safu ya ufiti haikushuka hata siku moja, ilitoka 300 ikafika 356. Uchovu ndio uliokimbilia 415.

Halafu napunguza mzigo. Baada ya wiki moja matokeo ni 328, baada ya mbili ni 368. Ufiti umerudi hadi 321, bado uko juu ya ulipoanzia, lakini uchovu umeanguka hadi 297. Yaani anapata matokeo yake bora kabisa katika wiki ambazo ufiti wake unapungua. Hapo nilibaki nimeduwaa.

Mtoto wa Igoma

Dada ubarikiwe. Kwa hiyo 368 ni dakika ngapi kwa nusu marathoni?

Mwalimu Nyegezi

Si dakika. Hizo namba zinakuonyesha upande unaoelekea, basi. Ili zigeuke dakika unahitaji vipimo vyako vingi vya miezi mingi, uzilinganishe, ndipo ujue pointi moja kwako ni sekunde ngapi. Tafiti za wanariadha waliopunguza mzigo vizuri kabla ya mashindano zinaonyesha faida ya asilimia 2 hadi 3 hivi. Kwa mtu wa saa moja na dakika 45, asilimia 2 ni kama dakika mbili. Usitegemee muujiza wa dakika kumi.

Chuma Hakilali

Nyie, subirini kidogo. Nimechukua jedwali la Dada Capri nikaweka SIFURI wiki mbili zote. Mnajua imesoma ngapi? 465! Nyinyi na kupunguza kwenu 368, mimi na kulala kwangu 465. Hesabu yenu wenyewe inasema nilichosema tangu mwanzo. Mwalimu, tunakusubiri.

Kijana wa Buzuruga

😂😂 Mwalimu kakamatwa mchana kweupe.

Dada Capri

Nimeirudia, Chuma yuko sahihi, ni 465. Nimeendelea mbele bila mazoezi: wiki ya tatu 472, ya nne 450. Kwa hiyo hata kwa hesabu, baada ya wiki tatu za kulala unaanza kuporomoka. Lakini kwa wiki mbili kulala kunashinda. Mwalimu?

Mwalimu Nyegezi

Hongera Chuma, umegusa udhaifu wa kweli wa hesabu hii, na wataalamu wanaujua kwa miaka mingi. Kwa namba hizi nilizowapa, zoezi lolote linakuwa hasara kwa siku 16 hivi za mwanzo, ndipo linageuka faida, na faida yake inafika kileleni karibu siku ya 40. Kwa hiyo ukiiuliza hesabu ufanye nini katika siku 16 za mwisho, itakujibu kila mara: usifanye kitu. Haiwezi kujibu vingine, imeundwa hivyo.

Lakini hesabu hiyo inajua namba moja tu ya mzigo. Haijui kama 280 yako imetoka kwenye vipindi vya kasi au kwenye kujivuta na marafiki huku mnapiga soga. Haijui kwamba ukiacha kabisa mazoezi ya pumzi, maji ya damu yanaanza kupungua ndani ya siku chache tu, na moyo unasukuma damu kidogo kwa kila pigo. Haijui kwamba mguu unasahau mwendo wa mashindano. Yote hayo imeyaweka kwenye kapu moja la ufiti linalovuja taratibu kwa siku 45, wakati ukweli ni kwamba baadhi yanavuja upesi sana.

Ndiyo maana lazima uiweke kando ya majaribio ya watu halisi. Mwaka 2007 tafiti nyingi za waogeleaji, wakimbiaji na waendesha baiskeli zilikusanywa pamoja. Waliofanya vizuri zaidi ni waliopunguza wingi wa mazoezi kwa asilimia 41 hadi 60, kwa wiki mbili hivi, bila kupunguza kasi na bila kupunguza idadi ya siku. Hapo hukuti kulala kabisa. Na Mfaransa Thierry Busso mwaka 2003 aliirekebisha hesabu yenyewe ili uzito wa uchovu ubadilike kulingana na mazoezi ya karibuni: ukiwa umerundika mengi, zoezi lile lile linakuchosha zaidi. Inakaribia ukweli zaidi, ila kwenye simu ni kazi.

Mimi naitumia hii rahisi kuelewa kwa nini mtu ameshuka na kukadiria lini atapanda. Siitumii kunipangia wiki ya mwisho.

Chuma Hakilali

Sawa, ila nimeona kwa macho yangu watu waliougua mafua, wakalala wiki, wakaja kuvunja rekodi zao. Hao maji ya damu hayakupungua?

Mwalimu Nyegezi

Nami nimewaona. Mtu aliyejichosha kupita kiasi, hata kulala siku tano kunamsaidia kuliko kuendelea kujichosha. Hiyo haithibitishi kwamba kulala kungemshinda mtu yule yule akipunguza kwa akili. Hatujamwona akijaribu vyote viwili.

Chuma Hakilali

Na wewe hujanionyesha aliyejaribu vyote viwili akashinda kwa njia yako. Tunaendelea.

Mzigo wa Mwaloni

Wakuu naingilia. Mimi si wa kupunguza wala kuongeza. Nakimbia kilomita zile zile mwaka mzima, sijabadilisha chochote, lakini kuna wiki naruka na kuna wiki najivuta kama nimefungwa jiwe. Kazi yangu ni kubeba magunia ya dagaa Kirumba Mwaloni. Mzigo ukija mwingi tunapakia mpaka usiku. Hii ya kwangu ni uvivu au?

Kijana wa Buzuruga

Wewe mwenyewe jina lako ni jibu mkuu.

Mwalimu Nyegezi

Ndugu yangu, si uvivu. Mwili haubagui uchovu wa gunia na uchovu wa mbio. Wiki ambazo malori ni mengi, uchovu wako unapanda sawa na mtu aliyeongeza mazoezi, ila ufiti wa kukimbia hauongezeki kwa kiasi hicho, kwa sababu kubeba gunia hakufundishi pumzi ya dakika mia moja. Unalipa gharama bila kupata bidhaa.

Ukitaka kuiona kwenye jedwali, mimi ningeongeza safu ya E kwa mzigo wa kazi, dakika mara ugumu kama kawaida, na kuuingiza kwenye uchovu peke yake. Yaani C3 iwe `=C2+(A3+E3-C2)/15` na B ibaki na mbio tu. Huu ni utundu wangu, sijaukuta kwenye vitabu, na najua umezidisha kidogo kwa sababu kazi nayo inakupa nguvu fulani ya miguu. Lakini utaona wiki zako mbovu zinaangukia wapi. Na kivitendo: wiki ya mizigo mingi futa vipindi vya kasi, kimbia polepole. Wiki ya mizigo michache ndiyo ya kukaza.

Mzigo wa Mwaloni

Hiyo nimeielewa kuliko hesabu. Shukrani mwalimu.

Nesi wa Zamu

Naomba niseme kitu kabla watu hawajaanza kuita kila kuchoka "uchovu wa mazoezi". Tunaishi ukanda wa ziwa. Malaria ipo. Kichocho kipo, hasa kwa wanaoingia majini ufukweni, na kinaweza kukupunguzia damu polepole bila kelele. Mtu anashuka mwendo, anajiambia ni mazoezi, anapumzika wiki mbili, hapandi, anajilaumu.

Uchovu wa mazoezi una tabia: ukipunguza mzigo, unaondoka. Mapigo ya asubuhi yanarudi, usingizi unarudi, hamu ya kula inarudi. Ukiwa na homa, usisubiri hata siku moja, nenda kapime. Ukiwa huna homa lakini umepunguza mzigo siku kumi hadi kumi na nne na mapigo bado yako juu na mwendo bado mbovu, basi hiyo siyo ya kujadili mtandaoni. Kapime malaria, kapime wingi wa damu, peleka choo na mkojo viangaliwe kichocho. Wanawake wenye hedhi nzito hasa, damu ipimwe. Na Buzuruga, rosela ni tamu, ila haipimi chochote.

Mwalimu Nyegezi

Nesi amesema vizuri kuliko mimi. Jedwali haliwezi kujua una vijidudu. Likitabiri unapanda na wewe unazidi kushuka, amini mwili.

Mtoto wa Igoma, ratiba yako naiweka hapa. Siku sita zibaki sita. Jumanne badala ya vipindi 8 fanya 5 wiki hii na 3 wiki ya mbio, mwendo ule ule, usiharakishe kwa sababu ni vichache. Alhamisi ya wiki hii kilima nusu ya mara ulizozoea. Alhamisi ya wiki ya mbio achana na kilima, kimbia tambarare dakika 30, humo 10 kwa mwendo wa mashindano. Jumapili ijayo mbio ndefu iishie dakika 70, Kisesa itakusamehe. Siku za katikati zote kata nusu. Na kile kipimo chako cha kilomita 10 kila Jumamosi usikifanye tena, chenyewe ni zoezi gumu la dakika 48 unalolipia uchovu kila wiki ili kujua kama umechoka.

Mtoto wa Igoma

😂 Hiyo ya mwisho imeniuma lakini sawa. Naanza kesho.

Mtoto wa Igoma

Nimerudi, leo Alhamisi. Mwalimu nina wasiwasi. Nimepunguza kama ulivyosema lakini miguu imekuwa mizito zaidi kuliko wiki iliyopita! Vipindi 5 vya juzi nilivifanya kwa shida. Mapigo yameshuka hadi 58. Usiku usingizi mwingi, mchana nasinzia kazini.

Chuma Hakilali

Nilisema lala.

Mwalimu Nyegezi

Siku tatu ni mapema mno. Ukiangalia jedwali la Dada Capri, kwenye siku ya tatu uchovu bado uko karibu 379, ulianzia 415. Umeteremka ngazi mbili kwenye ghorofa refu. Na hisia ya uzito siku za mwanzo ni jambo ambalo wakimbiaji wengi wanalisimulia, hesabu haielezi kwa nini. Kitu ninachokiangalia ni mapigo, na yako yameanza kurudi. Kosa ambalo watu hufanya sasa hivi ni kuogopa, wakatoka Jumamosi kujipima nguvu. Usijaribu.

Dada Capri

Mwalimu, saa yangu ina ukurasa unaoonyesha Fitness, Fatigue na Form. Form yangu ni +14 sasa, mwezi jana ilikuwa −20. Kwa hiyo nikimbie mashindano leo?

Mwalimu Nyegezi

Form hiyo ni ufiti kutoa uchovu moja kwa moja, bila zile 3 na 2. Inakuambia umepumzika kiasi gani, haikuambii una kasi kiasi gani. Mtu aliyevunjika mguu akakaa mwezi kitandani ana Form nzuri tu. Isome pamoja na Fitness: kama Fitness haijaanguka sana na Form imevuka sifuri, uko pazuri. Kama Fitness nayo imeporomoka, hiyo +14 ni ya likizo.

Dada Capri

Fitness ilikuwa 52, sasa 31. Nilisafiri.

Mwalimu Nyegezi

Basi ni likizo, dada.

Mtoto wa Igoma

Wakuu, mrejesho. Mapigo asubuhi ya mbio yalikuwa 53. Nimemaliza nusu kwa saa 1, dakika 42 na sekunde 20. Bora yangu ya zamani ilikuwa 1:45:30. Kilomita 5 za mwanzo nilikuwa najizuia, miguu ilikuwa inataka kuondoka peke yake. Miguu ilianza kukaza kwenye ya 18 lakini haikufa.

Kijana wa Buzuruga

Rosela hiyo.

Chuma Hakilali

Hongera sana kijana. Lakini tuwe wakweli, jana usiku mvua ilinyesha, asubuhi kulikuwa na ubaridi, na ulikuwa na watu wa kukimbia nao. Ungelala wiki mbili labda ungepiga 1:40. Na hiyo bora yako ya zamani ni ya lini?

Mtoto wa Igoma

Mwaka jana. Njia nyingine, na jua lilikuwa kali.

Mwalimu Nyegezi

Chuma ana haki hapo. Katika hizo dakika tatu sijui ngapi ni za kupunguza mzigo, ngapi ni za mazoezi ya mwaka mzima, na ngapi ni za ubaridi. Ukitaka kujua, rudia mpangilio huu huu kwenye mbio ijayo na uandike mzigo kila siku. Kitu kimoja tu: usianze tena 450 wiki hii. Mbio yenyewe ni dakika 102 kwa ugumu wa 9 au 10, ni karibu mzigo wa 1,000 kwa siku moja. Uiingize kwenye jedwali uone safu ya C inavyoruka.

Dada Capri

Nimeshaiingiza. Kutoka karibu 300 inaruka hadi 340 na kitu kwa siku moja.

Mzigo wa Mwaloni

Na mimi niliyetoka kwenye mbio hizo hizo na kesho alfajiri nina lori la dagaa?

Mwalimu Nyegezi

Wewe wiki hii usikimbie kabisa, ndugu yangu. Kwa mara ya kwanza nakubaliana na Chuma.